Makovu Yanayofuata Mishipa: Jinsi Altrasaundi Inavyosoma Ini la Mwenye Kichocho

Katika vijiji na visiwa vya Ziwa Viktoria, hospitali hupokea wagonjwa ambao hali yao huwachanganya watu wasioujua ugonjwa huu. Mtu analetwa akiwa ametapika damu nyingi, damu mbichi yenye mabonge. Macho yake si ya manjano. Pombe hanywi. Vipimo vya damu vinavyoonyesha kazi ya ini vinarudi vikiwa karibu na kawaida, na bado chanzo cha damu ile ni ini lake.

Huyo mara nyingi ni mgonjwa wa kichocho cha tumbo aliyeishi nacho kwa miaka mingi bila kujua. Kichocho cha aina hii husababishwa na minyoo ya mansoni, tofauti na kile kinachomfanya mtoto akojoe damu. Ini lake halijafa. Chembe zake zinafanya kazi, zinatengeneza protini na kusafisha damu kama kawaida. Kilichoharibika ni njia ya damu kuingia humo, kwa sababu makovu yameota kuzunguka mishipa na kuibana. Makovu hayo hayaonekani kwenye choo wala kwenye mkojo, na kuyafuata kwa kukata kipande cha ini ni hatari na gharama. Altrasaundi huyaonyesha kwa dakika chache, ilimradi anayeshika kifaa ajue anatafuta nini, na anayeandika ripoti aandike zaidi ya maneno mawili.

Yai linapokwama

Minyoo dume na jike huishi wawili wawili katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Jike hutaga mayai mamia kila siku. Sehemu ya mayai hayo hupenya ukuta wa utumbo na kutoka na choo, na hayo ndiyo yanayoendeleza ugonjwa yakifika kwenye maji yenye konokono. Mengine hukosa njia ya kutokea. Damu ya utumbo inapokwenda kwenye ini kupitia mshipa wa porta, huyachukua na kuyafikisha kwenye matawi madogo ya mshipa huo. Hapo mayai hukwama, kwa kuwa ni makubwa kuliko njia inayofuata.

Mwili hulizingira kila yai kwa chembe za kinga. Yai hufa baada ya wiki chache, lakini mahali palipokuwa na vita hubaki kovu. Mtoto anayeoga ziwani leo, kesho na mwaka ujao huongeza mayai juu ya mayai na makovu juu ya makovu, na yote hujipanga kando ya matawi ya mshipa wa porta. Baada ya miaka mitano, kumi au zaidi, baadhi ya watu hao wanakuwa na mikanda ya kovu inayofuata mishipa tangu katikati ya ini hadi pembezoni.

Mwaka 1904 daktari William Symmers, aliyekuwa akichunguza maiti mjini Kairo, aliandika kwamba ini la namna hiyo likikatwa, makovu meupe yanayozunguka mishipa hufanana na vijiti vya kiko cha udongo vilivyochomekwa kila upande. Jina hilo la kiko limebaki katika vitabu vya tiba hadi leo.

Damu isiyopita kwa urahisi hutafuta njia nyingine. Shinikizo hupanda katika mshipa wa porta, bandama huvimba, na damu hupitia vijishipa vya tumbo la chakula na vya umio, ambavyo havikuumbwa kubeba mzigo huo. Vijishipa hivyo hutanuka, kuta zake huwa nyembamba, na siku moja kimoja hupasuka. Hapo ndipo mgonjwa anapotapika damu.

Kutoka Kairo hadi Niamey

Altrasaundi ilipoanza kubebeka hadi vijijini, watafiti wa Sudan, Misri, Brazili, Afrika Mashariki na kwingineko walianza kupima ini kwa maelfu ya watu. Kila kundi lilikuwa na kipimo chake. Mmoja aliandika daraja la pili, mwingine akaandika kovu la wastani, na hapakuwa na namna ya kujua kama wanazungumzia hali moja. Kwa hiyo wataalamu walikutana Kairo Oktoba 1990, kisha Niamey, nchini Niger, Oktoba 1996. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo uliotokana na mkutano wa Niamey, na ndio unaotumika zaidi katika tafiti mpaka sasa.

Njia ya Kairo ilitegemea rula. Mpimaji alichukua matawi kadhaa ya mshipa wa porta, akapima unene wa kila tawi kutoka ukingo wa nje wa upande mmoja hadi ukingo wa nje wa upande wa pili, kisha akatafuta wastani. Milimita tatu hadi tano ilikuwa daraja la kwanza, zaidi ya tano hadi saba daraja la pili, na kuzidi saba daraja la tatu.

Njia ya Niamey iliweka jicho mbele ya rula. Mpimaji kwanza hulitazama ini zima na kulilinganisha na picha za mfano zilizomo kwenye mwongozo, akachagua herufi. Vipimo vya milimita hufuata baadaye. Wengi waliona mpangilio huu unafaa kazi ya kijijini, kwa kuwa sura ya jumla ya ini huwa wazi kuliko tofauti ya milimita moja kwenye skrini ndogo iliyo juani.

Herufi sita

Kwenye skrini ya altrasaundi, nyama ya ini yenye afya ni ya kijivu iliyo sawa, na damu ndani ya mishipa huonekana nyeusi. Kovu hurudisha mawimbi ya sauti kwa nguvu, kwa hiyo hung'aa kwa weupe. Mpimaji anatafuta weupe huo uko wapi na umeenea vipi.

Herufi A ni ini la kawaida. B ni vitone vyeupe vilivyosambaa ndani ya ini, mwongozo unaviita anga la nyota. Sura hii haimaanishi moja kwa moja kwamba kuna makovu ya kichocho, hasa kwa watoto, na mpimaji makini haitangazi kuwa ugonjwa.

C ndiyo mwanzo wa makovu yenyewe. Tawi dogo likikatwa kwa upana huonekana kama pete nyeupe yenye kitundu cheusi katikati. Likikatwa kwa urefu huonekana mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba, na hicho ndicho kiko cha Symmers. Katika D, weupe mnene umezunguka mshipa wa porta wenyewe na pale unapogawanyika kuwa wa kulia na wa kushoto. Katika E, weupe huo umetoka kwenye mishipa na kuingia ndani ya nyama ya ini kama mabaka. Katika F, mikanda myeupe imetoka katikati hadi kwenye ngozi ya juu ya ini na kuivuta ndani, nayo huitwa ukucha wa ndege.

Herufi zinaweza kuungana. Mtu mwenye mabaka ya E katikati na pete za C pembezoni huandikwa Ec. Mwongozo pia umetenga herufi za mwisho kwa mambo yasiyo ya kichocho: X kwa ini linaloonekana kuwa na sirosisi, Y kwa ini lenye mafuta, na Z kwa kasoro nyingine. Herufi hizo zinamlazimisha mpimaji ajiulize kama anachokiona ni kichocho kweli kabla hajakiita hivyo.

Mezani

Mgonjwa huja bila kula. Chakula huongeza damu inayotoka kwenye utumbo, na mshipa wa porta hutanuka kwa muda. Pia kifuko cha nyongo hujikunyata na ukuta wake kuonekana mnene kuliko ulivyo. Hulala chali na kupumua kwa utulivu. Akivuta pumzi ndefu na kuishikilia, mshipa wa porta hutanuka tena, kwa hiyo kipimo hicho huchukuliwa wakati wa pumzi ya kawaida.

Mpimaji hupaka jeli na kuanza na upande wa kushoto wa ini, chini kidogo ya kifua, kifaa kikiwa kimesimama kwa urefu wa mwili. Hapo hupima urefu wa sehemu ya kushoto, ambayo kwa kichocho mara nyingi hukua huku ya kulia ikisinyaa. Kisha huhamia chini ya mbavu za kulia na kukielekeza kifaa juu kwa mshazari, ambako mshipa wa porta unaonekana ukiingia kwenye ini na kugawanyika. Hutazama matawi kwa urefu na kwa upana, kwa sababu weupe unaoonekana upande mmoja tu huenda ni kivuli cha pembe ya kifaa. Hupima ukuta wa kifuko cha nyongo, ambao ukizidi milimita nne huhesabiwa kuwa mnene. Mwisho mgonjwa hugeuka kidogo, naye hupitisha kifaa kati ya mbavu za kushoto kuipima bandama.

Unene wa ukuta wa tawi hupatikana kwa hesabu rahisi. Hupimwa upana wa tawi kutoka nje hadi nje, kisha upana wa njia ya damu ndani yake. Cha ndani huondolewa kwenye cha nje, na jibu hugawanywa kwa mbili kwa kuwa ukuta uko pande zote. Tawi lenye milimita sita nje na tatu ndani lina ukuta wa milimita moja na nusu. Kwa njia ya Kairo tawi hilohilo lingehesabiwa kwa zile milimita sita na kuingia daraja la pili. Ndiyo maana ripoti inayosema tu kwamba unene ni milimita sita haisomeki mpaka ieleze umepimwa vipi: ukuta wa milimita sita ni kovu zito sana, na tawi zima la milimita sita ni jambo jingine.

Upana wa mshipa wa porta nao hausomwi peke yake. Mtoto wa sentimita 120 na mvuvi wa sentimita 180 hawawezi kuwa na kiwango kimoja. Mwongozo wa Niamey huulinganisha na watu wenye afya wa kimo kilekile, na kuangalia kipimo kimeupita wastani wao kwa kiasi gani. Kinachotumika ni mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi watu wa kawaida wanavyotofautiana. Mshipa uliopita mikengeuko miwili umetanuka; uliopita minne umetanuka sana.

Ripoti mbili za mtu mmoja

Tuchukue mgonjwa wa mfano, si mtu halisi, wa kutumia kuonyesha kazi hii. Ni mvuvi wa miaka 38, mrefu wa sentimita 170, aliyekulia kisiwani. Analalamikia uzito upande wa kushoto wa tumbo, na wiki mbili zilizopita alipata choo cheusi kama lami. Choo chake kimepimwa na mayai ya kichocho hayakuonekana.

Ripoti ya kwanza inasema hivi: *Ini lina makovu. Bandama ni kubwa. Huenda ni sirosisi.*

Daktari anayeipokea hana mahali pa kushika. Makovu yako wapi? Bandama ni kubwa kiasi gani? Shinikizo limepanda? Neno sirosisi linamwelekeza kufikiria ini lililokufa, na mgonjwa akilisikia huenda akaambiwa na jirani kwamba hana tena matibabu.

Ripoti ya pili inatoka kwa mpimaji anayefuata herufi na hesabu:

*Sura ya ini ni Ec. Uso wa ini ni laini, bila vinundu. Mabaka meupe yanatoka kwenye mgawanyiko wa mshipa wa porta na kuingia ndani ya ini. Pete zinaonekana pembezoni. Tawi la kwanza: nje milimita 14, ndani 5, ukuta 4.5. Tawi la pili: nje 12, ndani 5, ukuta 3.5. Wastani wa ukuta milimita 4. Mshipa wa porta milimita 15, umetanuka. Sehemu ya kushoto ya ini imekua, ya kulia ni ndogo. Ukuta wa kifuko cha nyongo milimita 6. Bandama sentimita 17. Mshipa wa kushoto wa tumbo la chakula umetanuka na umejipinda. Hakuna maji tumboni. Hitimisho: makovu mazito kuzunguka mishipa, yanalingana na kichocho cha tumbo, pamoja na dalili za shinikizo kubwa katika mshipa wa porta. Hepatitisi ya virusi haijaondolewa kwa picha hii.*

Sasa kuna cha kufanyia kazi. Mshipa wa tumbo la chakula uliotanuka, bandama kubwa na kile choo cheusi vinasema kwamba huenda vijishipa vya umio vimeshaanza kuvuja. Hatua ya haraka ni endoskopi, ili vionekane kwa macho na vifungwe kwa vipete vya mpira vikihitaji, na daktari aamue kama mgonjwa anafaa kupewa dawa ya kupunguza shinikizo. Hepatitisi B na C hupimwa kwa damu. Na kukosekana kwa mayai kwenye choo hakumshangazi tena mtu: kwa wagonjwa wa muda mrefu, mayai huwa machache au hayaonekani kabisa, ilhali kovu lililoachwa na yale ya zamani lipo palepale.

Linganisha pia uso wa ini. Sirosisi ya virusi au pombe huharibu ini lote, na uso wake huwa na vinundu. Kwa mvuvi huyu uso ni laini na nyama iliyo mbali na mishipa ni ya kawaida. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini vipimo vyake vya kazi ya ini viko vizuri, na kwa nini akiokolewa na damu anaweza kuishi miaka mingi.

Mahali picha inapodanganya

Kosa la kwanza huanzia kwenye kitufe. Mpimaji akipandisha mno mwanga wa mashine, kila ukuta wa mshipa hung'aa, na ini la kawaida hugeuka kuwa C. Akiushusha mno, pete za kweli hupotea. Namna moja ya kujikagua ni kuitazama figo ya kulia kwenye picha ileile: kwa mtu mzima mwenye afya, ini na figo hukaribiana kwa rangi. Ini likiwa jeupe zaidi sana kuliko figo, mafuta hufikiriwa kabla ya kichocho.

Kosa la pili ni kulisahau umbile la kawaida. Kuta za mshipa wa porta karibu na mgawanyiko wake hung'aa kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Pia kuna kano inayopita upande wa kushoto wa ini, nayo ikikatwa kwa upana huonekana kama baka jeupe. Anayeanza kazi anaweza kuiita E. Ukizungusha kifaa, kano hujinyoosha na kuwa mstari, na baka la kovu hubaki baka.

Kosa la tatu ni bandama. Kandokando ya ziwa malaria ni nyingi, na bandama kubwa kwa mtoto huenda ni ya malaria. Bandama hiyo haitoshi kusema shinikizo la porta limepanda, kama ini ni A na hakuna mshipa wowote wa pembeni uliotanuka. Kinyume chake pia hutokea: mshipa wa porta unaweza kurudi kwenye upana wa kawaida kwa sababu damu imeshapata njia za pembeni. Mpimaji aliyeangalia milimita za porta peke yake atamwambia mgonjwa aliye hatarini kwamba hana tatizo.

Zaidi ya hayo, wapimaji wawili hawakubaliani kila mara. Hukubaliana kwa urahisi kwenye A na F, na kutofautiana kwenye B na C. Ndiyo sababu katika tafiti picha huhifadhiwa na kusomwa tena na mtu wa pili asiyejua jibu la kwanza.

Baada ya dawa

Prazikwanteli, ambayo kwa kawaida hutolewa mara moja kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo. Haifuti kovu. Lakini minyoo ikifa mayai mapya hukoma, na mwili hupata nafasi ya kuyayeyusha baadhi ya makovu yaliyopo. Tafiti za altrasaundi, zikiwamo za Sudan, zimeonyesha kwamba kwa watoto na vijana kovu jepesi linaweza kupungua au kutoweka katika miezi au miaka michache, hasa wasipoambukizwa tena. Kwa mtu mzima mwenye E au F mabadiliko huwa ya polepole, na kwa wengi hayaonekani.

Ukisoma ripoti mbili za mtu huyohuyo zilizotofautiana kwa mwaka mmoja, kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kufurahi au kuogopa: je, herufi zimetoka kwenye mwongozo uleule, je, matawi yamepimwa kwa njia ileile, na je, alipimwa akiwa hajala mara zote mbili? Mtoto aliyetoka C hadi A kwa masharti hayo amepona sehemu kubwa ya kovu lake. Mvuvi aliyebaki Ec, lakini bandama yake haijakua na umio wake umeshafungwa vipete, naye amefaidika, na ripoti inayofuata inapaswa kuanza kwa kutaja herufi yake ya zamani na milimita zake za zamani, kisha ndiyo ziandikwe mpya kando yake.